Staa, Usilaumu Studio: Picha ya Mama Imeharibiwa na Kioo

Wiki iliyopita msanii mmoja mkubwa hapa mjini, jina nalihifadhi, alituliza watu wote Insta. Akaja laivu usiku, hana miwani, hana mapambo, ameshika fremu ya zamani yenye picha ya marehemu mama yake. Picha imepigwa studio, mama yuko kwenye kiti, nyuma pazia la bluu. Akasema anataka kuitoa kwenye fremu aipeleke ikapigwe upya iwe kubwa, aiweke sebuleni kwenye nyumba yake mpya.

Akafungua nyuma. Picha haitoki, imeng'ang'ania kioo. Akaivuta kidogo, haitoki. Mtu mmoja nyuma ya kamera akamletea draya ya nywele. Wakaipuliza moto dakika kadhaa, kisha akavuta kwa nguvu. Karatasi ikatoka. Uso wa mama ukabaki kwenye kioo, vipande vipande.

Mwenyewe alilia, na mimi sikuweza kuendelea kuangalia. Lakini kilichonifanya niandike leo ni komenti zilizofuata. Wengi walisema studio za zamani zilikuwa zinatumia karatasi feki. Wengine wakasema picha ikifika miaka 30 imeshakwisha muda wake. Mwenyewe kesho yake akaandika kwamba angejua angemshtaki mpiga picha.

Kwa heshima zote staa wetu, hapana. Mpiga picha hana kosa. Karatasi ile ilikuwa nzima mpaka sekunde ya mwisho. Kilichoiharibu ni kioo, unyevu na ile draya. Na msimamo wangu ni huu: picha nyingi za familia zetu hapa Pwani haziuawi na uzee, zinauawa na sisi wenyewe tunapozifungia ndani pamoja na unyevu. Tunadhani kufunga ni kutunza.

Picha ni supu ya kongoro

Nieleze kidogo ili tuelewane. Picha ile ya studio ya miaka ya 80 au 90 siyo wino juu ya karatasi. Juu ya karatasi kuna utando mwembamba wa gelatini, na rangi zote zimekaa ndani ya huo utando. Gelatini inatokana na mifupa na ngozi za wanyama. Umewahi kuacha supu ya kongoro kwenye friji ukaikuta asubuhi imeganda inatikisika? Ile inayoigandisha ndiyo gelatini. Uso wa mama yako umeshikwa na kitu cha aina ile, kimekaushwa tu.

Ukishajua hilo, mengine yote yanajieleza. Gelatini ikipata unyevu inavimba, inalainika na kunata. Ikiwa imegusana na kioo, inashika kioo. Ikiwa imegusana na picha nyingine, zinashikana uso kwa mgongo kama mikate ya kumimina iliyopangwa ikiwa bado ya moto. Na kwa kuwa ni chakula, kila anayependa chakula anakuja: ukungu, mende, na kale kadudu kembamba kanakong'aa rangi ya fedha ambako hukimbia ukifungua daftari la zamani. Hako hakatoboi picha katikati, kanakwangua utando wa juu, unabaki na mabaka meupe yasiyo na umbo.

Sasa draya ya nini hapo? Gelatini yenye unyevu ukiipa joto inalainika zaidi, kama ile supu ukiirudisha jikoni. Staa wetu aliyeyusha gundi upande wa picha, akaiacha upande wa kioo. Lazima uso ubaki.

Ukungu nao una sheria zake. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 60 hivi, ukungu hulala. Ikizidi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, unaamka. Na sisi Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa tunaijua hewa yetu: masika kuanzia Machi mpaka Mei, viatu vya ngozi kabatini vinaota kijani, chumvi inageuka tope mezani. Picha iko kwenye hewa hiyohiyo, ila haina mtu wa kuilalamikia.

Tulivyofungua sanduku la shangazi

Nisije nikaonekana namsema mtu wakati kwetu ni peponi. Kwetu ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka jana tulienda Tanga msibani. Baada ya arobaini, ndugu tukakubaliana tutafute picha za babu ili kila tawi la familia lipate nakala. Mtunza picha ni shangazi yetu mkubwa. Nikamwamkia, nikamwambia shida yetu. Akajibu kwa kujiamini kabisa, "Mwanangu, picha nimezitunza vizuri. Zimo sandukuni, nimezifunga nailoni mbili, na naftalini nimeweka. Hata upepo haziguswi nao."

Sanduku lile la bati lilikuwa chini ya kitanda, limegusa ukuta wa nje. Tulipofungua ilitoka harufu mbili kwa pamoja, naftalini na uvundo. Ndani mlikuwa na makundi matatu ya picha, na kila kundi lilinifundisha kitu.

Kundi la kwanza ndiyo zile za nailoni. Kama picha 60 zimepangwa rundo moja, zimefungwa kwa mpira wa fedha, kisha mfuko, kisha mfuko tena. Hizi ndizo zilikuwa zimeharibika kuliko zote. Zilikuwa tofali. Zimeshikana, pembeni zina ukungu mweupe kama unga, na ule mpira umeyeyuka ukaacha mstari wa kahawia. Shangazi alizifunga siku ya mvua, mwenyewe alikumbuka, kwa sababu bati lilikuwa linavuja na aliogopa zitalowa. Maji ya mvua hayakuziingia kweli. Lakini unyevu uliokuwa tayari ndani ya karatasi haukuwa na pa kutokea. Mchana bati likipata joto, unyevu unatoka kwenye karatasi. Usiku kukipoa, unarudi kama umande ndani ya mfuko. Shangazi alitengeneza chungu cha mvuke bila kujua.

Kundi la pili lilikuwa albamu mbili za zile kurasa zenye mistari ya gundi na plastiki ya juu unayoibandua na kuirudisha. Miaka ya 90 kila harusi ilikuwa na hiyo. Ile gundi ikizeeka inakuwa ya njano na ngumu, inashika mgongo wa picha kabisa, na plastiki ya juu inagandamana na uso. Ukitaka kujua plastiki mbaya, inuse. Ikiwa na harufu kali kama pazia jipya la bafuni, na ikiwa inanata vidoleni, hiyo ni PVC. Haifai kulala na picha.

Kundi la tatu ndilo lilinifunga mdomo. Bahasha za karatasi, zile za studio, zimewekwa chini ya kanga za marehemu bibi kwenye kabati la mbao chumba cha katikati. Hakuna aliyezitunza, zilisahauliwa tu. Picha 23. Zilikuwa zimepauka kidogo na kujikunja, lakini nzima zote. Karatasi na mbao zilikuwa zinavuta unyevu na kuutoa, kabati halikugusa ukuta wa nje, na hewa ilikuwa inapita. Yaani zilizosahauliwa zilipona, zilizotunzwa zikafa. Shangazi alikaa kimya muda mrefu.

Hapo binamu yangu mmoja akataka kuanza kubandua lile tofali kwa kisu cha mezani. Nikamzuia, tukagombana kweli, akaniambia najifanya msomi. Kwenye lile rundo kulikuwa na picha pekee ya babu akiwa bandarini na wenzake. Pekee. Hakuna mtu mwingine anayo. Bora nigombane na binamu.

Kwanza kopi, ndiyo mikono ifuate

Kanuni tuliyoifuata ni hii: kabla hujagusa chochote kilichonata, kipige picha kama kilivyo. Hata kama kiko nyuma ya kioo, hata kama nusu imefunikwa na ukungu. Kwa sababu jaribio lolote unalofanya linaweza kuwa la mwisho.

Kupiga picha iliyo kwenye kioo bila mng'ao siyo uchawi. Ilaze fremu sakafuni karibu na dirisha, lakini jua lisiipige. Zima taa ya juu na usitumie mwanga wa simu. Chukua kanga nyeusi au fulana nyeusi, toboa tundu dogo la kamera, ishike mbele yako ili kioo kisione uso wako wala ukuta mweupe. Simu iwe sambamba na picha. Piga kadhaa. Kwa picha zisizo na kioo, skana ya steshenari ni bora zaidi, lakini usipeleke picha yenye ukungu wala inayonata. Ikishika kwenye kioo cha skana, umerudi palepale kwa staa.

Baada ya hapo ndiyo tukauliza swali gumu: hii iliyoshika kioo tuitoe? Kwetu ilikuwepo moja, ya babu na bibi. Mtandaoni utaona watu wanaloweka kwenye maji baridi safi mpaka picha inaachia yenyewe. Ni kweli inawezekana kwa picha za studio zilizosafishwa kwa dawa, kwa sababu zilizaliwa majini. Lakini ina masharti mawili. Picha iliyochapwa kwa printa ya wino, hizi za siku hizi za steshenari, ukiiloweka wino unaweza kuondoka wote. Na picha ambayo ukungu umeshaila, gelatini yake imedhoofika, ikiingia majini sura inaweza kuyeyuka mbele ya macho yako. Ukiona vidoti au utando wa ukungu upande wa uso, usiloweke.

Ya kwetu ilikuwa na vidoti. Tukaamua ibaki kwenye kioo chake. Tuliondoa fremu iliyooza na kadibodi ya nyuma, tukafunga kioo na picha yake kwenye karatasi safi, tukaandika juu "USIBANDUE". Nakala ya kutundika ukutani tumeitoa kwenye kopi ya simu. Wapo ndugu waliona tumeshindwa. Mimi naona babu na bibi bado wana sura.

Zile za albamu ya gundi nyingi zilitoka. Unachukua uzi wa kusafishia meno usio na dawa ya mnanaa, unaupitisha chini ya kona ya picha, unausogeza kushoto na kulia polepole kama msumeno, ukiwa umeulaza karibu na ukurasa. Ukisikia unakwama, acha. Tatu zilikataa kabisa, tukakata ukurasa kuzizunguka, zikabaki na kipande cha ukurasa mgongoni. Hakuna ubaya.

Na lile tofali? Tulitoa mifuko, tukalikausha wiki nzima, na zile za juu na za chini kama 20 zikaachia zenyewe pembeni tulipozikunja kidogo sana. Ya babu bandarini ilikuwemo. Kona moja imebaki kwenye mgongo wa picha nyingine, lakini sura iko. Zilizobaki hazijaachia mpaka leo, na hatuzilazimishi.

Ukungu usiufute na kitambaa kibichi

Hapa watu wengi huua picha iliyokuwa bado inapumua. Wanaona vumbi jeupe, wanachukua kitambaa chenye maji, au spiriti, au wengine Mungu awasamehe, dawa ya madoa. Ukungu ukiwa mbichi ukiufuta unausugua ndani ya ule utando laini, na rangi inatoka nao.

Kausha kwanza. Tandaza picha uso juu kwenye karatasi nyeupe, kivulini, kwenye hewa kavu inayotembea. Feni isipulize moja kwa moja, ielekeze ukutani. Juani usiweke hata dakika tano za haraka haraka, jua linapausha rangi na kukunja karatasi. Kama una chumba chenye kiyoyozi, hicho ndicho bora, kwa sababu kiyoyozi kinatoa maji hewani. Ukungu ukikauka unakuwa unga unaopeperuka. Hapo ndipo unaenda nje, unavaa barakoa, na unausafisha kwa brashi laini mpya ya poda, ukisukuma kuelekea mbali na wewe. Brashi hiyo usirudishe kwenye pochi ya vipodozi, tafadhali.

Utabaki na alama. Ukungu ukishakula, sehemu hiyo inakosa mng'ao au inabaki na doa la zambarau au kahawia. Halitoki. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee, na hiyo ni kazi ya sanduku.

Kufunga kupo, lakini kuna siku yake

Msije mkasema nimesema msifunge picha. Funga, tena funga vizuri, ila baada ya kukausha, na pamoja na kitu cha kunywa unyevu.

Sisi tulinunua kontena la plastiki la lita 10, lile la kuwekea unga, lenye mpira kwenye mfuniko na vikamatio pembeni. Chini lina alama ya pembetatu yenye namba 5 na herufi PP, hiyo ni plastiki isiyo na harufu na haisumbui picha. Ndani tulitandaza karatasi nyeupe. Picha ziko kwenye bahasha za karatasi, kumi kumi, zimesimama kama kadi, hazijabanwa. Majina tuliandika kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kuweka picha, kwa sababu kalamu ya wino ukiibonyeza mgongoni inatokeza usoni, na wino wake huhamia picha jirani.

Kitu cha kunywa unyevu ni silika jeli, zile punje za kioo. Tuliweka gramu 200 kwenye kifuko cha kitambaa, kimekaa pembeni hakigusi picha. Na hapa niwaambie wale wa vipakiti vya kwenye boksi la viatu: kipakiti kile kina gramu chache tu, na mpaka kimefika kwako na kukaa wazi kabatini, kimeshalewa maji siku nyingi. Hakinywi tena. Nunua za uzito zinazobadilika rangi, ujue zikishiba. Zile za rangi ya chungwa ni salama zaidi kuliko za bluu, kwa sababu bluu nyingi zina kemikali ya kobalti ambayo ni sumu. Zikishiba unazikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, zikipoa zinarudi kazini.

Mwisho tuliweka kipimo kidogo cha unyevu, kile cha kidijitali kinachokaa kwenye kiganja. Siku ya kufunga, chumbani kilisoma 78. Ndani ya kontena, baada ya siku mbili, kilisoma 46. Tunataka kibaki kati ya 40 na 50. Kikifika 60, silika inatolewa ikakaushwe. Shangazi ndiye mwangalizi, na anakisoma kuliko anavyosoma meseji zetu.

Siku ya kufunga pia tuliichagua. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, saa tisa mchana. Masika hatungefunga kamwe, na alfajiri hatufungi hata kiangazi, maana ndiyo saa hewa yetu ina maji mengi. Ukilazimika kufunga msimu wa mvua, basi picha zilale kwanza siku tatu nne kwenye chumba chenye kiyoyozi, na zifungiwe humohumo. Usizitoe nje zikiwa za baridi, utaziona zinatoa jasho kama chupa ya soda.

Kontena linakaa juu ya rafu chumba cha katikati. Siyo sakafuni, siyo chini ya kitanda, siyo kwenye ukuta wa nje, na siyo juu ya friji ambako kuna joto muda wote.

Majibu ya haraka kwa mliokuja DM

Mchele? Mchele wetu wa Pwani umeshakunywa unyevu wa hewa kabla hujaununua, hauna nafasi ya kunywa mwingine. Utakachopata ni vidudu vya mchele ndani ya picha.

Naftalini? Inafukuza wadudu, haikaushi kitu. Na mvuke wake siyo mzuri kwa anayelala chumba hicho. Shangazi aliweka na ukungu ukala palepale pembeni yake. Karafuu ni hivyohivyo, itanukia tu.

Laminesheni? Mashine inabana picha kwa joto na gundi, na hairudi nyuma tena. Laminisha kopi, asili iache.

Nishaskani, asili nitupe? Jamani. Simu zinaibiwa, akaunti zinafungwa, na kopi ya mwaka huu ya simu ya bei rahisi hutaipenda miaka kumi ijayo. Ukiwa na asili unaweza kuskani tena. Ukiwa na negativu ndiyo bora zaidi, kwa hiyo ukikuta vile vipande vya filamu vya kahawia kwenye bahasha ya studio, usitupe, weka kwenye kontena hilohilo.

Na ukutani tusitundike? Tundika kopi. Na hata hiyo, mwambie fundi fremu aweke kadibodi nene yenye dirisha kati ya picha na kioo, picha isiguse kioo kabisa. Ni kadibodi tu. Kama fundi aliyemtengenezea mama yake staa wetu angeiweka siku ile, laivu ya wiki iliyopita isingekuwepo.

Ndiyo maana narudi kwako kaka, kama utasoma hapa. Kile kioo usikioshe. Najua kuna watu wamekushauri ukisafishe uweke picha nyingine. Mama yako yuko kwenye kile kioo. Kilaze, kipige picha kwa nyuma na kanga nyeusi kama nilivyoeleza. Itatoka imegeuzwa kushoto kulia, igeuze kwenye simu. Ile karatasi iliyotoka nayo iskaniwe. Mtu anayejua kuhariri anaweza kuunganisha hivyo viwili ukapata sura kamili. Halafu waulize wakubwa kama bahasha ya negativu haiko mahali, chini ya kanga za mtu.

Wengine nanyi, masika haijafika. Nendeni nyumbani mkafungue zile nailoni. Mtakachokuta mtuambie hapo chini, hata kama ni aibu, mimi ya kwetu nimeshaisema.